Nilisaini bila kusoma, sasa benki inanidai mimi: jibu la wakili

"Nina miaka 26, niko Mombasa. Mwaka 2021 nilipomaliza chuo, ami yangu na mwanawe waliniambia wananiweka dairekta kwenye kampuni ya malori ya nyumbani kwa sababu jina la ami lilikuwa CRB, kwenye orodha ya wasiolipa mikopo. Nina shea 10 kati ya 100. Nilikuwa nafanya kazi ya ofisi, risiti na simu za madereva, napewa elfu kumi na tano kwa mwezi. Nikiletewa karatasi nasaini tu, nyingine hata hazijaandikwa kitu. 2023 tulienda benki pamoja, afisa akawa anageuza kurasa ananionyesha pa kusaini. Sasa malori mawili yamechukuliwa na benki imeniandikia mimi kwa jina langu, milioni 4.6 ndani ya siku 14. Kuna na barua ya KRA kwa kampuni. Ami asema nisijali, kampuni ni limitedi, na ameniletea karatasi nyingine nisaini ili benki wapunguze malipo ya kila mwezi. Naweza kusema sikusoma? Nikijiuzulu leo yataisha?"

Dadangu, nianze na lile ambalo haliwezi kungoja: hiyo karatasi mpya usiisaini. Si lazima iwe ami ana nia mbaya, pengine kweli anatafuta nafuu, lakini barua za kupanga upya mkopo karibu zote huwa na sentensi inayosema "tunakiri deni hili" na nyingine inayosema dhamana za zamani zinaendelea kama zilivyo. Ukiisaini leo, huku tayari umeshapata barua ya madai, benki itasema kesho kwamba 2023 labda hukujua lakini sasa ulijua kila kitu na ukakubali tena kwa hiari yako. Ulinzi wote nitakaokueleza huku chini unaweza kufa na saini hiyo moja. Mwambie ami kwa upole kwamba utaisaini au utaikataa baada ya wakili wako kuisoma, na umuombe nakala ukae nayo.

Sasa hili la limitedi. Ami amesema kweli nusu. Kampuni ikiwa limitedi, mwenye shea hadaiwi deni la kampuni zaidi ya thamani ya shea zake ambazo hajazilipia, na shea 10 kwa kawaida ni pesa kidogo sana. Kama benki ingekuwa inakudai wewe kwa sababu tu ni mwenye shea au kwa sababu tu ni dairekta, ningekuambia lala usingizi. Lakini barua imekuja kwa jina lako, na hiyo inaniambia kwamba katika zile kurasa za 2023 kulikuwa na dhamana binafsi, ile watu wa benki wanaiita garantii. Hiyo ni mkataba mwingine kabisa, kati yako na benki, kampuni haimo ndani. Ulimwahidi mkopeshaji kwamba kampuni isipolipa utalipa wewe, kwa mali yako na mshahara wako wa leo na wa kesho. Ulimitedi wa kampuni hauigusi ahadi hiyo. Na ndiyo sababu hasa benki huiomba, wanajua kampuni ndogo ya familia inaweza kubaki na meza na viti tu.

Ukipata nakala yake utafute mambo matatu. Kwanza kama kuna kiwango cha juu, mfano "isiyozidi shilingi milioni 5", au kama imeandikwa inashika madeni yote ya kampuni, ya sasa na ya baadaye. Pili kama inasema utachukuliwa kama mdaiwa mkuu, maana yake benki haina haja ya kumaliza kampuni kwanza ndio ije kwako, inaweza kuanza na wewe. Tatu kama mlisaini wewe na ami na binamu "kwa pamoja na kila mmoja peke yake". Watu wengi husoma maneno hayo wakadhani deni linagawanywa kwa tatu, sivyo, kila mmoja anadaiwa lote na benki inamchagua inayemtaka, na mara nyingi inamchagua yule mwenye jina safi na payslip. Kama ami alikuwa CRB tangu 2021 unaweza kuona mwenyewe kwa nini barua imekuja kwako.

Swali lako la sikusoma. Nitakujibu bila kukuzunguka: peke yake haisaidii. Mahakama zetu zimerithi kanuni ya Kiingereza kwamba mtu mzima mwenye akili timamu akiweka saini amefungwa na kilichoandikwa, awe amesoma au hajasoma. Kuna kesi ambayo wanasheria wote wanaijua, Gallie dhidi ya Lee, iliyofika Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa huko Uingereza, na kuamuliwa 1970. Mama mjane wa miaka 78, miwani yake imevunjika, alitaka kumsaidia mpwa wake apate pesa kwa nyumba yake, akaletewa karatasi akaambiwa ni ya kumpa mpwa zawadi ya nyumba, kumbe ilikuwa ya kumuuzia mtu mwingine. Nyumba ikawekwa rehani, mama akaenda kortini kusema sikujua nasaini nini. Akashindwa. Malodi walisema utetezi huo upo lakini ni mwembamba sana, lazima karatasi iwe ya aina tofauti kabisa na ulichodhani, na lazima usiwe mzembe. Kama mama wa miaka 78 asiye na miwani alishindwa, wewe mhitimu wa chuo usiubebe huo kama silaha yako ya kwanza. Na zile karatasi tupu ndio mbaya zaidi, maana anayesaini karatasi tupu akampa mtu ajaze, korti kwa kawaida inasema wewe ndiye uliyempa kalamu. Ila kama kuna saini yenye jina lako ambayo si yako, hiyo ni habari nyingine, ni kughushi, na wakili wako aambiwe siku ya kwanza.

Silaha yenye nguvu zaidi iko pengine, na watu huiacha kwa sababu wanang'ang'ania ile ya sikusoma. Badala ya kuuliza kama ulisoma, tunauliza ulisaini ukiwa chini ya mkono wa nani, na benki ilifanya nini ikijua hivyo. Sheria inaita shinikizo lisilo halali, lakini usifikirie mtu kukushikia panga. Inatosha kwamba kulikuwa na uhusiano wa kumuamini na kumtegemea, kama mtoto wa nyumba kwa ami anayemlea, na kwamba jambo ulilosaini halielezeki kwa uhusiano wa kawaida tu. Binti wa miaka ishirini na kitu anayepewa elfu kumi na tano kwa mwezi kudhamini mamilioni, hilo linataka maelezo.

Mwaka 2001 Baraza la Malodi lilitoa uamuzi kwenye kesi za kina Etridge ambao mahakama za Kenya huutumia kama mwongozo. Uamuzi ule unasema hivi: mtu anapodhamini deni la mwingine na uhusiano wao si wa kibiashara, benki inatakiwa ishtuke na ihakikishe mdhamini amekutana na wakili ana kwa ana, bila yule mkopaji kuwa chumbani, na wakili amemueleza kwa lugha anayoielewa kwamba anaweza kupoteza mali yake. Kesi nyingi pale zilikuwa za wake na waume lakini Malodi walisema kanuni inaenda mpaka kwa mahusiano mengine ya namna hiyo. Na kuna kipande kinachokuhusu wewe hasa, walisema mke kuwa dairekta au kuwa na shea kwenye kampuni inayokopa hakuiondolei benki wajibu huo, maana cheo cha kwenye karatasi hakionyeshi nani anaendesha kampuni kweli.

Kwa hiyo kaa chini uandike unavyokumbuka siku ile, kabla hujazungumza na ndugu zaidi. Nani alikupigia simu mwende? Ami alikuwa mezani wakati unasaini? Kuna wakili yeyote aliyekutoa pembeni akazungumza na wewe peke yako? Afisa alitamka neno dhamana? Ulipewa nakala uende nayo nyumbani? Unakaa nyumba ya nani, karo ya chuo alilipa nani? Halafu mafaili yakija utafute ukurasa wenye muhuri wa wakili unaosema "nimemueleza mdhamini na ameelewa". Kama ukurasa huo upo na wewe hujawahi kumuona wakili huyo, au ni wakili wa ami, hapo ndipo kesi yako ilipo. Kama haupo kabisa, pia ni jambo.

Nisikupe matumaini ya bure lakini. Benki itajibu kwamba wewe si mgeni, una shea, ulikuwa ofisini kila siku, ulijua malori yamenunuliwa kwa mkopo na mshahara wako ulitoka kwenye malori hayohayo. Hakimu anaweza kukubaliana nao. Nimeona dhamana zikivunjwa na nimeona zikisimama, na tofauti mara nyingi ni ushahidi mdogomdogo, meseji za wasap za "njoo usaini haraka nina safari", ndio maana nakuambia usifute simu na usibadilishe laini, piga skrinshoti zote uzitume kwa imeli yako mwenyewe.

Hata dhamana ikisimama hiyo milioni 4.6 si lazima iwe ndiyo. Sheria ya Benki ya Kenya, kifungu cha 44A, inaweka kikomo. Mkopo ukishakuwa mbovu, kwa kawaida malipo yakichelewa siku 90, benki haiwezi kudai riba inayozidi ile prinsipali, yaani pesa yenyewe mliyokopa bila riba, iliyokuwa imebaki siku hiyo ulipokuwa mbovu. Chukua mfano, tuseme mlikopa milioni 6, mkalipa mpaka prinsipali ikabaki milioni 2.4, ndipo malipo yakakatika. Benki inaweza kudai hiyo 2.4, na riba isiyozidi 2.4 nyingine, jumla 4.8, na gharama za kufuatilia deni. Halafu malori yameuzwa, tuseme kwa 1.8. Hapo imebaki kama milioni 3 na gharama, na mtu anayedai 4.6 inabidi aonyeshe hesabu yake inatoka wapi. Namba zako sizijui, nimetumia hizi uone njia tu. Cha muhimu ni kwamba bei ya malori lazima iingie kwenye hesabu, na kama yameuzwa kwa bei ya kutupa bila kuthaminiwa hilo nalo linahojiwa. Na kama yako yadi bado hayajauzwa, basi deni halisi bado halijulikani.

Kisha kuna haki ambayo watu wa nyumbani hawapendi kuisikia: mdhamini akilipa anaweza kuidai kampuni irudishe yote, na anaweza kuwadai wadhamini wenzake fungu lao. Ukishtakiwa peke yako wakili anaweza kuomba ami na binamu waingizwe kwenye kesi hiyohiyo. Najua ni nzito kumuingiza ami kortini, uamuzi ni wako, ila ujue mlango upo.

Tuje kwenye udairekta wenyewe, maana huu unakutisha zaidi ya inavyostahili kwa upande mmoja na kidogo kuliko inavyostahili kwa upande mwingine. Sheria ya Kampuni ya 2015 kifungu cha 145 inamtaka dairekta awe makini kama mtu mwangalifu aliye kwenye nafasi hiyo angekuwa, na hakuna dairekta wa jina tu. Ukiwa kwenye rejista una wajibu uleule na yule anayeendesha. Huko Uingereza kuna kesi ya 1977 ya madairekta wawili ambao karibu hawakwenda kabisa ofisini, wakawa wanasaini cheki tupu wanamuachia mwenzao, mwenzao akakopesha hovyo pesa za kampuni zisirudi, korti ikasema wote watatu wanawajibika kwa hasara hiyo. Kusaini tupu ndiyo ilikuwa uzembe wenyewe. Lakini elewa wajibu huu ni kwa nani: ni kwa kampuni, si kwa benki wala kwa muuza mafuta wa malori. Maana yake leo, ami akiwa ndiye kampuni, hakuna atakayekushtaki kwa hilo. Siku kampuni ikiingia kwenye ufilisi akateuliwa mfilisi, yeye ndiye anayefungua vitabu na kuuliza pesa zilienda wapi na nani alisaini. Hapo pia Sheria ya Ufilisi ya 2015 inaingia, dairekta aliyeacha kampuni iendelee kukopa huku akijua, au akipaswa kujua, kwamba haiwezi kuepuka kufilisika anaweza kuamriwa achangie mfukoni mwake. Ndio maana kuanzia barua hii ilipokufikia huwezi tena kusema hujui. Usisaini cheki yoyote tena ya kampuni, na cheki ikirudi kwa kukosa pesa aliyesaini anaweza kuitwa polisi, hiyo imetoka kwenye madai imeingia jinai.

Barua ya KRA iangalie tarehe kwanza kabla ya kitu kingine. Kama ni makadirio ya kodi kampuni ina siku 30 za kupinga, zikipita inakuwa ngumu. Kodi ya kampuni haikuangukii wewe moja kwa moja kwa kuwa ni dairekta. Sheria ya Taratibu za Kodi, kifungu cha 18, inamshika dairekta pale kulipokuwa na mpango uliofanya kampuni ishindwe kulipa kodi, kwa mfano pesa kuhamishwa kwenda kampuni nyingine ya familia, au malori kuandikwa jina la mtu. Ila sheria hiyohiyo inamuachia asiyefaidika na mpango huo, ikiwa alipojua tu aliiandikia kampuni kwamba anapinga na akamuandikia Kamishna, au ikiwa hakuwa kwenye uendeshaji, hakujua na hangetegemewa kujua. Angalia hiyo "alipojua tu". Ukigundua leo kwamba kuna kitu kama hicho ukanyamaza miezi sita, umejifungia mlango mwenyewe. Mtu wa kukuandikia barua hiyo ni wakili au mtu wa kodi, usiiandike kwa hasira usiku.

Na je ujiuzulu leo? Ujiuzulu, ndio, lakini si leo asubuhi. Dairekta ana haki ya kuona vitabu vya hesabu vya kampuni, ukishatoka haki hiyo imekwenda na ami anaweza kufunga kabati. Kwanza chukua nakala: taarifa za benki, barua ya mkopo, maazimio ya bodi yenye jina lako, ritani za KRA. Ingia eCitizen uombe CR12 ya kampuni, ile hati inayoonyesha madairekta na wenye shea, uone umeandikwa vipi, kwa sababu nimeshakutana na watu waliodhani wana shea 10 kumbe kwenye rejista wana 60. Ukiona wewe ndiye dairekta peke yako uliyebaki, hapo usijiuzulu kabla wakili hajakuelekeza.

Ukishapata hizo ndipo uandike barua ya kujiuzulu yenye tarehe ya kweli, si ya kurudisha nyuma. Mtu akikushauri uandike ya 2022 mkatalie, hiyo ni kughushi na itaharibu hata yale unayosema kweli. Uipeleke ofisini kwa njia yenye ushahidi. Kampuni inatakiwa imjulishe Msajili wa Kampuni ndani ya siku 14, fomu yake ni CR9, na tatizo la kawaida ni kwamba akaunti ya eCitizen iko mikononi mwa ami na fomu hailetwi kamwe. Kwa hiyo wewe pia muandikie Msajili pale BRS, ofisi ya usajili wa biashara, na nakala ya barua yako, halafu baada ya wiki chache toa CR12 nyingine uhakikishe jina limetoka. Mpaka litoke watu wa nje wataendelea kukuhesabu.

Kujiuzulu kunakata mambo yajayo tu. Yaliyotokea ukiwa dairekta unabaki nayo, na dhamana haiguswi kabisa, utaendelea kuwa mdhamini hata ukiwa si dairekta. Inabidi uiandikie benki barua ya pili kusema kwamba kwa mikopo mipya kuanzia sasa husimami, mikataba mingi inaruhusu kwa notisi, mara nyingi miezi kadhaa. Shea zako nazo ni jambo la tatu, hizo hazina haraka.

Zile siku 14 za benki usiziache zipite kimya. Jibu liwe fupi: umepokea barua, hukubali deni, unaomba nakala ya dhamana, barua ya mkopo, hesabu ya deni tangu mwanzo ikionyesha siku mkopo ulipokuwa mbovu, thamani na bei ya malori, na cheti cha wakili kama kipo. Usilipe elfu mbili tatu za kuonyesha nia njema, maana malipo ni kukiri deni. Usikubali kwa simu pia, wale wanaopiga wanarekodi. Siku 14 zikiisha hakuna atakayekuja kukukamata, kinachoweza kufuata ni kesi, na ukiletewa samansi ya korti hizo siku zilizoandikwa ndani ndizo za kuogopa. Mtu asipojitokeza hukumu inatolewa bila yeye, na kuirudisha nyuma ni gharama na kubembeleza.

Yote haya nimeyasema bila kuona karatasi yako hata moja, kwa hiyo wiki hii uonane na wakili uso kwa uso. Awe wako, si yule wa kampuni wala yule aliyewapeleka benki, kwa sababu maslahi yako na ya ami yameshaachana hata kama mapenzi hayajaachana. Hakikisha jina lake kwenye orodha ya mawakili ya LSK, chama cha mawakili wa Kenya, onlaini kwamba ana leseni ya mwaka huu. Kama pesa hakuna, Kituo Cha Sheria wana ofisi Mombasa, na FIDA, chama cha mawakili wanawake, pia wanasaidia wanawake, nenda asubuhi mapema. Beba barua ya benki na bahasha yake yenye tarehe, barua ya KRA, CR12, kitambulisho, na yale maandishi yako ya siku ya benki. Na ile karatasi ya ami, ambayo haijasainiwa.